Mita Elfu Moja za Mahenge

Jioni, mtu akisimama kwenye mteremko wa Mikindani, anaiona milima ya Shimba kwa mbali, imejikunja kama mtu aliyelala ubavu. Tunaitazama kila siku na wengi wetu hatukumbuki kwamba humo, mahali paitwapo Mwele, mwezi wa Agosti mwaka 1895, Mbaruk bin Rashid Mazrui alikuwa na boma lake la magogo, na kwamba mabaharia wa Kiingereza walilipanda boma hilo wakiwa na mizinga ya Maxim. Nitarudi Mwele baadaye. Nimeanza hapo kwa sababu hapo ndipo macho yetu yalipokuwa wakati mtoto wa ndugu yangu, aliye kidato cha tatu, alipofunga kitabu chake cha historia na kuniuliza kwa uchungu: "Ami, kwani wazee wetu walikuwa hawana akili? Elfu nzima wanaiendea bunduki kwa miguu, wanaamini maji?"

Alikuwa akisoma habari za Maji Maji. Kitabu kimeeleza kwa mistari mitatu: Wajerumani walikuwa na silaha bora, Waafrika walikuwa na silaha duni na waliitegemea dawa, kwa hiyo walishindwa. Mtoto akijibu hivyo kwenye mtihani atapata alama zake. Lakini jibu hilo linamwachia aibu isiyomstahili, tena halielezi kitu. "Silaha bora" ni maneno tu. Bora kwa nini? Kwa umbali gani? Kwa dakika ngapi? Na kama ubora ulitosha, mbona vita vile vilichukua karibu miaka miwili, na mbona Mbaruk, aliyekuwa umbali wa kutazamika kutoka hapa tulipoketi, alimsumbua Mwingereza kwa miezi mingi baada ya boma lake kuanguka?

Basi tulikaa na kalamu na karatasi. Alikuwapo pia jirani yetu, mzee mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika ghala la silaha jeshini. Yeye hupita magharibi kunywa kahawa, na kwa mambo haya hana subira na maneno makubwa. Anataka idadi.

Tuliichagua siku moja, tarehe 30 Agosti 1905, huko Mahenge, kusini mwa Tanzania ya leo.

Hali ilikuwa hivi. Mwezi wa Julai mwaka ule watu wa Umatumbi waliing'oa mipamba ya serikali waliyolazimishwa kuilima, na vita vikasambaa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani siku za mwanzo wa Agosti, lakini habari ya maji ilikwisha kumpita ikasafiri hadi bonde la Kilombero na milima ya Upogoro. Mahenge palikuwa na boma la serikali, jengo la mawe juu ya kilima, chini ya kapteni aliyeitwa von Hassel. Ndani alikuwa na askari wapatao 60, Wazungu wachache, mamia kadhaa ya wenyeji wenye mikuki waliokuwa upande wake, na mizinga miwili ya rashasha. Nje walikuwa wakija Wapogoro na Wambunga kwa maelfu.

Mmisionari aliyekuwa ndani ya boma siku ile aliacha maelezo, na mtu akiyasoma kwa makini hakuti hata chembe ya ujinga. Anakuta nidhamu. Mzinga ulianza kupima masafa watu wakiwa mbali sana, kiasi cha mita elfu moja. Hawakukimbia. Waliendelea kuja kwa safu, mbele wakianguka na nyuma wakijaza nafasi, na safu zilishika mpangilio wake kwa muda wa robo saa nzima chini ya risasi. Ndipo zilipovunjika, na watu wakajibanza nyuma ya miamba midogo iliyokuwa mteremkoni. Kisha kundi jingine, zaidi ya elfu, likaja kutoka upande wa mashariki, nalo likafika karibu zaidi: wa mbele kabisa walianguka hatua chache tu kutoka kwenye mstari wa bunduki.

Robo saa. Mzee wa ghala aliisikia hiyo akaweka kikombe chini. "Hapo sasa," akasema, "tunaweza kupiga hesabu."

Chukua kwanza mtu anayekuja. Mkononi ana mkuki, au ana gobori. Vijana wa leo hawaijui gobori, kwa hiyo nieleze. Ni bunduki ya kushindilia mdomoni. Unamwaga baruti kwenye mtutu, unatia kitambaa au nyuzi, unashindilia kwa ufito mrefu, unatia risasi ya duara au kipande cha chuma, unashindilia tena, kisha unaweka fataki au baruti kidogo penye kishimo cha nyuma, ndipo unalenga. Mwindaji hodari aliyesimama na kutulia huchukua dakika nzima kwa kazi hiyo. Akiwa anakimbia kupanda mlima huku anapigwa, pengine hapati hata nafasi ya pili. Na mtutu wake ni laini ndani, hauna michirizi ya kuizungusha risasi, kwa hiyo ikitoka inayumba. Kupita mita 70 au 80, kumpata mtu mmoja uliyemkusudia ni bahati. Mkuki, ukirushwa na mkono wenye nguvu, haufiki hata nusu ya hapo.

Sasa chukua anayengoja. Askari wa Kijerumani mwaka 1905 hakuwa na bunduki ya ajabu. Wengi wao walibeba Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja yenye baruti nyeusi, inayotoa moshi mzito. Ulaya ilikwisha kutupwa zamani. Lakini risasi yake ilikuwa tayari ndani ya ganda la shaba, pamoja na baruti na fataki yake. Askari alivuta kitasa nyuma, akasukuma risasi ndani, akafunga, akafyatua. Mtutu ulikuwa na michirizi. Aliweza kulenga kwa utulivu mara sita kwa dakika, na kundi la watu liliweza kuumizwa mita mia tano mbele yake, hata zaidi.

Mzinga wa Maxim ndio uliozidisha. Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, aliubuni mwaka 1884 kwa wazo moja rahisi: kila bunduki inapolia humsukuma mpigaji begani, na msukumo ule unapotea bure. Yeye aliufanyisha kazi. Msukumo wa risasi moja ndio uliotupa ganda tupu, ukavuta risasi nyingine kutoka kwenye mkanda wa turubai na kuifyatua, mradi kidole kiko kwenye kifyatulio. Kwa maandishi ulipiga risasi 600 kwa dakika. Kwa vitendo hakuna aliyeuachia hivyo, kwa kuwa mkanda wa risasi 250 ungekwisha ndani ya nusu dakika na mtutu ungeungua. Mtutu ulizungukwa na pipa dogo la maji, lita nne hivi, na baada ya risasi 600 mfululizo maji yale yalikuwa yanachemka na kutoa mvuke. Mpigaji mwenye akili alipiga kwa vipande, akasimama, akatazama vumbi linaruka wapi, akasahihisha. Tuseme risasi 200 kwa dakika.

Tukaandika. Askari 60 hawakuweza wote kuwa upande mmoja; tuseme 40 wanaotazama shambulio. Arobaini mara sita ni 240 kwa dakika. Mizinga miwili, 400. Jumla ni 640, na zaidi ya nusu yake imetoka kwenye vyuma viwili vinavyohitaji watu wanne au watano kila kimoja. Kwa robo saa ya yule mmisionari, ni risasi 9,600. Hata tukisema risasi 49 katika kila 50 zimekwenda ardhini na hewani, watu 192 wamepigwa, na karibu wote ni wale wa safu za mbele, ndio hodari na ndio viongozi. Hesabu hii ni yetu ya barazani, hakuna aliyezihesabu risasi siku ile. Lakini inaonyesha ukubwa wa jambo.

Mtoto akauliza swali lililonifurahisha kuliko yote: "Na wao katika hiyo robo saa walipiga ngapi?"

Katika mita 1,000, mita 920 za kwanza hawakuweza kupiga hata moja yenye maana. Hapo ndipo ilipo siri yote ya Mahenge. Tukisema "silaha bora" tunafikiri juu ya wingi wa risasi, kumbe jambo kubwa ni hii ardhi ya katikati, ambamo mmoja anaweza kuumiza na mwingine hawezi kujibu. Mwenye mkuki haanzi kupigana mpaka aivuke. Kabla ya hapo yeye si mpiganaji, ni mtu anayetembea. Wingi wake haumsaidii. Watu elfu tatu wanaotembea ni shabaha pana zaidi kuliko watu mia tatu, na risasi iliyomkosa wa mbele inampata wa nyuma.

Kuna Mwingereza mmoja, Frederick Lanchester, mhandisi wa magari, aliyeweka jambo hili katika kanuni, na mwaka 1916 akaichapisha katika kitabu. Alisema: watu wakipigana kwa mikono, panga kwa panga, wingi una faida ya kawaida, maana mmoja anaweza kushikana na mmoja tu kwa wakati. Lakini pande zote mbili zikiwa na bunduki za masafa, nguvu ya wingi huzidishwa kwa wingi wenyewe. Upande wenye watu mara mbili una nguvu mara nne, wenye watu mara kumi una nguvu mara mia. Maana yake itazame tena kwa jicho la Mahenge. Kama wale maelfu wangekuwa na bunduki za kufika mita 500 tu, hata mbovu, hata wapigaji wabaya, wale 60 wasingemaliza asubuhi ile. Mizinga miwili isingewaokoa, kwa sababu watu wanne wanaouzunguka mzinga nao wana miili.

Kwa hiyo swali la kweli halimo kwenye Maxim. Kwa nini wale maelfu hawakuwa na bunduki hizo, na zilikuwa zimejaa duniani? Baada ya miaka ya 1870 majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha bunduki kila mara, na zilizozeeka ziliuzwa kwa bei ya chini. Zilikuwa zinamiminika pwani yetu hii kwa majahazi na meli. Kisha mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, na katika mkataba ule waliandika vifungu vya silaha. Katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, bunduki zenye michirizi na za kutilia risasi nyuma zilizuiwa kuuzwa kwa wenyeji. Gobori ziliruhusiwa. Mtu asome hilo polepole. Walioandika hawakupiga marufuku bunduki. Walipiga marufuku bunduki inayoweza kujibu. Magendo yalikuwapo, lakini bunduki ya magendo bila risasi za kiwandani ni rungu. Fundi wa kijijini aliweza kutengeneza baruti ya gobori na kuyeyusha risasi zake. Ganda la shaba lenye fataki ndani hakuweza.

Ushahidi wa kinyume upo kaskazini kwetu. Tarehe 1 Machi 1896, huko Adwa, Menelik wa Ethiopia aliwakabili Waitaliano wapatao 17,000 akiwa na jeshi lipatalo laki moja, na sehemu kubwa ya watu wake walikuwa na bunduki za kisasa alizonunua kwa miaka mingi kutoka Ulaya. Hapo kanuni ya wingi ilifanya kazi yake yote kwa siku moja. Waitaliano walikuwa na mizinga ya makombora 56 na haikuwasaidia.

Nilimwambia mtoto: mwezi huohuo wa Machi, kikosi kizima kutoka India kilikuwa kinashuka bandarini Mombasa, kuja kumtafuta Mbaruk.

Hadithi ya Mbaruk ndiyo inayonifanya nisikubali kwamba Maxim ulishinda Afrika peke yake. Ugomvi ulianza mapema mwaka 1895 kwa kurithi uliwali wa Takaungu. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala wakati ule ilimuunga mkono mmoja katika jamaa, na aliyejiona kunyimwa haki yake alikimbilia kwa ami yake, Mbaruk wa Gazi. Serikali ya Uingereza ikachukua nchi kutoka kwa Kampuni tarehe 1 Julai, na vita ikairithi pamoja na nchi. Agosti, Admirali Rawson aliondoka pwani na mabaharia na wanajeshi wa meli wapatao 400, pamoja na askari wa Kisudani na wa Zanzibar, na mamia ya wapagazi, kuelekea Mwele. Tarehe 17 wakalifikia boma. Maroketi, mzinga mdogo, Maxim. Boma likachukuliwa siku hiyohiyo.

Mbaruk hakuwamo mkononi mwao. Alikuwa ameingia msituni na watu wake, na hapo Maxim ukawa mzigo. Mtu anayeijua njia ya kutoka Shimba hadi Gazi anaelewa: kichaka kimefunga pande zote mbili, hatua kumi na tano mbele huoni kitu, watu wanakwenda mmoja nyuma ya mwingine. Ile ardhi ya katikati ya Mahenge haipo. Gobori ya mita 70 haina upungufu wowote mahali ambapo hakuna anayeona mita 20. Mzinga wenyewe una uzito wa kilo 27 hivi bila maji wala mguu wake wala risasi. Unabebwa umefunguliwa vipande, na kabla haujaunganishwa, aliyepiga ameshaondoka. Oktoba, afisa mmoja wa Kiingereza, Kapteni Lawrence, aliuawa karibu na Gazi. Malindi ilishambuliwa. Misafara ya njia ya Uganda, iliyopita hapa karibu na kwetu ikielekea Rabai na Taru, haikuwa na amani. Maxim ulikuwapo muda wote na haukuamua kitu. Kilichoamua ni kuletwa kwa watu: askari wa India mwezi wa Desemba, na kikosi cha Kibaluchi mwezi wa Machi, wa kukaa kwenye vituo, kushika visima, kusindikiza misafara na kuharibu vyakula na vijiji vilivyompa Mbaruk posho. Aprili 1896 alivuka mpaka na watu zaidi ya elfu moja akajisalimisha kwa Wajerumani. Aliishia Dar es Salaam.

Wahehe waliligundua hilo miaka minne kabla. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, msafara wa Kijerumani ulikuwa unatembea kwa mstari mrefu katikati ya mawe na vichaka, chini ya von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Ulikuwa na mizinga. Mizinga ilikuwa imefungwa kwenye mizigo. Bunduki za askari wengi hazikuwa na risasi ndani. Watu wa Mkwawa walitoka kwa mikuki kutoka umbali wa hatua chache, na kabla ya dakika 20 kikosi kilikuwa kimekwisha, Nyundo mwenyewe akiwa miongoni mwa waliokufa. Ndiyo ardhi ile ile ya katikati, safari hii imefutwa na mwenye mkuki. Miaka mitatu baadaye Mkwawa aliwangoja Wajerumani ndani ya kuta za mawe za Kalenga, mahali walipojua pa kuelekeza mizinga yao, na Kalenga ikaanguka. Aliporudi msituni ilibidi wamfuate hadi Julai 1898.

"Sasa ami," mtoto akasema, "kama walijua, mbona wa Mahenge walikuja uwanjani?"

Hapa ndipo nilipotaka afike, na hapa sitaki kupita haraka.

Waliokuja Mahenge walikuja kwa sababu jeshi kubwa la wakulima halina siku nyingi. Watu elfu tatu wakikusanyika mahali pamoja, kila mmoja akila kilo moja ya nafaka kwa siku, ni tani tatu kila siku. Hawana maghala, hawana misafara ya wapagazi. Kila mtu amekuja na kijimfuko chake cha unga, na kikiisha anarudi nyumbani, kwa kuwa msimu wa kutayarisha mashamba haumngoji. Waliokuwa ndani ya boma walikuwa na ghala, mshahara, na serikali iliyotuma msaada. Kwa hiyo walio wengi ndio waliolazimika kuharakisha, na walio wachache ndio walioweza kukaa. Boma lingeweza kuzungukwa na kushindwa kwa njaa; na kweli baada ya tarehe 30 lilizungukwa, likakaa hivyo kwa wiki tatu hivi, hadi kapteni aitwaye Nigmann alipofika kutoka Iringa na kulifungua. Lakini kulizunguka boma kwa wiki tatu kunataka chakula, na chakula kilikuwa majumbani.

Tena boma halikujengwa popote tu. Lilijengwa juu, na pembeni pake palifyekwa. Miti iliyokatwa kwa kazi ya lazima miaka kadhaa nyuma ndiyo iliyotengeneza zile mita elfu moja. Wapogoro na Wambunga hawakuuchagua uwanja ule, uliwangoja. Nao hawakuja kwa wakati mmoja: upande mmoja ulipovunjika ndipo upande wa mashariki ulipokuja, mizinga ikapata nafasi ya kugeuzwa. Wangekuja pamoja, von Hassel angelazimika kugawa vyuma vyake viwili na askari wake 60, na hapo hesabu yetu ya 640 kwa dakika ingekatika nusu kila upande. Lakini makabila yasiyokuwa na jemadari mmoja, yaliyounganishwa wiki chache tu zilizopita, yangepangaje saa?

Ndiyo maana nayatazama maji kwa heshima. Maji ndiyo yaliyokuwa amri moja. Dawa ile iliwafanya watu waliokuwa wakipigana wao kwa wao juzi wasimame safu moja, na iliwapa ujasiri wa robo saa ambao jeshi lolote la Ulaya lingejivunia. Kuhusu gobori hawakuwa wajinga pia: kila mtu pale alikwisha kuona risasi ya gobori ikiyumba, baruti ikilowa, fataki ikikataa. Bunduki inayokosa ilikuwa jambo la kila siku. Ambacho wengi wao hawakuwahi kukutana nacho ni mzinga usiokosa kwa wingi wake. Walipokiona walijifunza. Baada ya Mahenge vita vilihamia vichakani, na huko vikawa vigumu kwa Wajerumani kama vilivyokuwa kwa Waingereza Shimba.

Na jibu la Wajerumani likawa lilelile. Miezi iliyofuata vikosi vyao vilitembea kusini vikichoma vijiji, vikichukua nafaka au kuiteketeza, vikizuia watu wasipande. Hili halikuwa ajali ya vita. Maafisa wao waliliandika kama njia, kwamba njaa ndiyo itakayowatiisha watu na risasi hazitaweza. Serikali yao wenyewe ilikadiria watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, Mtanzania aliyezunguka kuwahoji wazee walioiona vita, aliiweka idadi kuwa kati ya laki mbili na nusu na laki tatu. Ukichukua hesabu yoyote kati ya hizo mbili, waliouawa na rashasha ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni watoto na akina mama na wazee ambao hawakusikia mlio wowote.

Mzee wa ghala alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akaomba karatasi yetu. "Hizi risasi 9,600," akasema, "nani alizileta?"

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Akatusaidia. Risasi moja ya zile bunduki za zamani, ya milimita 11, ina uzito wa gramu 43 hivi. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hadi 30 kichwani au begani. Ni risasi 600 kwa mtu mmoja, ukiacha uzito wa sanduku. Robo saa moja ya Mahenge ni watu 16, kila mmoja na mzigo wake, kutoka pwani hadi bara kwa wiki nyingi za mguu, na hiyo ni kama kila risasi ilifika kavu. "Mtu wa bunduki huonekana," akasema mzee. "Mtu wa sanduku haonekani, lakini mimi nimekaa na masanduku maisha yangu yote. Sanduku lisipofika, mzinga ni bomba la maji."

Watu wa masanduku walikuwa sisi. Mwaka 1890 Lugard aliondoka Mombasa kwenda Uganda na wapagazi wa pwani hii, na miongoni mwa mizigo ulikuwapo mzinga wa Maxim uliochakaa, ambao Stanley alikwisha kuuburura kuvuka bara zima. Mzinga huohuo ulikuwa Kampala tarehe 24 Januari 1892, siku ya vita vya Mengo, watu wa Kabaka Mwanga waliposhindwa. Mabaharia wa Rawson waliokwenda Mwele hawakubeba masanduku yao wenyewe. Hata bunduki nyingi za wale askari waliotutisha zilishikwa na Wasudani, Wamanyema, Washangaan, Waswahili. Na kule Mahenge, kwa kila askari mmoja palikuwa na wenye mikuki kadhaa wa nchi ile ile wakilinda pembe ambazo mizinga haikuzifikia. Ule "wachache" wa vitabuni una watu wengi nyuma yake ambao hawakuhesabiwa.

Giza lilikuwa limeshaingia, na taa za Kipevu zikawa zinawaka kwa mbali. Mtoto alikuwa bado anaandika. Alikuwa amefuta jibu lake la mistari mitatu na kuanza upya, na juu ya ukurasa amechora kilima, boma, na mstari mrefu ulioandikwa mita 1,000. Karibu kabisa na boma ameweka alama ndogo, mita 80. Kisha akamgeukia mzee.

"Babu, mpagazi alilipwa kiasi gani kwa mwezi?"

Mzee akacheka, akanyoosha kikombe chake kiongezwe kahawa, na wakaanza ukurasa mwingine.